Mkutano Mmoja, Vikao Viwili: Jinsi ya Kuunganisha Kumbukumbu za Mkutano Ulioahirishwa

Katika kitenzi cha Kiswahili "kuahirisha" mmejificha mtego ambao umewagharimu watu wa pwani yetu fedha na usuhuba. Tunasema mkutano umeahirishwa pale ambapo haujaanza kabisa, kwa kuwa mwenyekiti amefiwa au kwa kuwa wajumbe hawakutimia. Tunasema pia mkutano umeahirishwa pale ambapo umekwisha kuanza, umepitisha maamuzi mawili matatu, kisha ukakatizwa ili uendelee siku nyingine. Kifaransa, ambacho afisi zetu nyingi hapa Burundi hukitumia, kina maneno mbalimbali kwa hali hizo mbili. Kiswahili kina neno moja, na kwa sababu hiyo mwandishi wa kumbukumbu analazimika kuongeza maneno yanayobainisha ni hali ipi. Asipoyaongeza, msomaji wa karatasi yake hatajua kama mbele yake pana mikutano miwili au mkutano mmoja uliokatwa vipande viwili.

Huenda ukaona kuwa hilo ni jambo dogo. Nitakuonyesha kwa kisa cha chama kimoja cha wavuvi na wachuuzi wa dagaa hapa Muhuta, ambacho kiliniletea karatasi zake ili nizisome kama mwalimu wa Kiswahili. Jina la chama nimeliacha, majina ya watu pia, na baadhi ya idadi nimezibadilisha ili wenyewe wasinyooshewe vidole sokoni. Mtiririko wa mambo, hata hivyo, ni uleule.

Chama kilikuwa na wanachama 60, na katiba yake ilidai akidi ya nusu pamoja na mmoja, yaani watu 31. Notisi ya mkutano mkuu ilipaswa kutolewa siku saba kabla, ikitaja ajenda. Wavuvi wa huku, kama ujuavyo, huvua dagaa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu, nuru ya taa haiwavuti samaki, na vyombo hulala ufukweni. Kwa hiyo mikutano yao hupangwa katika siku za mbalamwezi. Walikutana Jumamosi tarehe 28 Oktoba 2023, baada ya kazi za maendeleo za asubuhi, katika darasa moja lenye paa la bati. Ajenda ya 4 ilikuwa mkopo wa faranga 6,000,000 wa kununua injini ya mtumbwi. Ajenda ya 5 ilikuwa kumchagua mweka hazina mpya, ambaye pamoja na mwenyekiti na katibu angetia saini mkataba wa mkopo huo. Mzee aliyekuwa akishika kazi hiyo alikuwa mgonjwa na aliomba kupumzishwa.

Wajumbe 44 walihudhuria. Mkopo ulikubaliwa kwa kura 31 dhidi ya 9, na wanne hawakupiga kura. Walipoingia katika ajenda ya 5, na majina mawili yakiwa yamekwisha kupendekezwa, mvua ilishuka. Atakayesema kwamba mvua si sababu ya kuahirisha mkutano hajawahi kukaa chini ya bati mwezi wa Oktoba katika nchi hii ya vilima vinavyoteremka hadi ziwani: hakuna aliyemsikia jirani yake, sembuse mwenyekiti, na waliotoka mbali walianza kuihofia barabara ya taifa namba 3, ambayo kwetu imebanwa kati ya mlima na maji. Saa 9:40 alasiri waliafikiana kuendelea Jumamosi tarehe 25 Novemba, mbalamwezi nyingine itakapokaribia.

Tarehe 25 Novemba walikuja watu 36. Kati yao 29 walikuwapo siku ya kwanza, na saba hawakuwapo. Mweka hazina alichaguliwa kwa kura 22 dhidi ya 14. Yote yalikwenda sawa, isipokuwa karatasi.

Katibu aliandika karatasi mbili. Ya kwanza ilimalizika kwa maneno "mkutano ulifungwa saa 9:40". Ya pili ilianza kwa maneno "mkutano wa tarehe 25 Novemba ulifunguliwa kwa sala", bila kutaja kwamba kulikuwa na siku nyingine kabla yake. Chama kilipozipeleka kwa mkopeshaji, karani alizisoma kama zilivyoandikwa, na hilo ndilo jukumu lake. Katika karatasi ya kwanza aliona uamuzi wa kukopa bila mtu wa kutia saini. Katika ya pili aliona mtu wa kutia saini bila uamuzi wa kukopa. Akauliza swali la tatu, lililouma kuliko yote: kama huo wa Novemba ulikuwa mkutano mwingine, notisi yake ya siku saba iko wapi? Haikuwapo, kwa kuwa haikuhitajika. Lakini karatasi haikuonyesha kwa nini haikuhitajika. Wale 14 walioshindwa katika uchaguzi walilidaka neno "ulifungwa" na kusema kwamba mweka hazina mpya hana uhalali. Mzee mgonjwa hakutaka tena kulitunza sanduku la michango, mweka hazina mpya hakuthubutu kulipokea, na kwa majuma kadhaa fedha za watu zililala mahali ambapo hapakuwa na mwenye dhamana nazo.

Sasa tuitazame kanuni yenyewe. Mkutano ulioahirishwa ukiwa katikati, kisha ukaendelea, ni mkutano mmoja wenye vikao viwili. Kanuni hii ni ya zamani. Mwaka 1851 Bunge la Mabwana la Uingereza, likiwa mahakama ya juu ya rufaa, lilitoa hukumu katika shauri la Scadding na Lorant, lililohusu mkutano wa parokia, kwamba kikao cha baadaye ni mwendelezo wa mkutano uleule, na notisi iliyouitisha mkutano wa awali inatosha. Vyama na kampuni nyingi za Afrika Mashariki zilirithi wazo hilo kupitia sheria za Kiingereza. Kwetu Burundi sheria imetoka kwa njia nyingine, lakini katiba za vyama vidogo hufuata mantiki hiyohiyo, na pale ambapo katiba ya chama ina kifungu chake kuhusu uahirishaji, kifungu hicho ndicho kinachotawala. Kisome kabla ya kuandika neno lolote.

Katika Kiswahili, waliotupatia msamiati safi wa jambo hili ni Wabunge wa Tanzania, au tuseme waandishi wao. Ukifungua Taarifa Rasmi ya majadiliano ya Bunge utakuta kwamba "mkutano" ni kipindi kizima chenye namba yake, nacho kimegawanyika katika "vikao", kila kikao kikiwa na namba na tarehe yake. Mwisho wa kikao huandikwa saa ambayo Bunge liliahirishwa, pamoja na siku, tarehe na saa litakapoendelea. Neno la kufunga halitumiwi ovyo. Mimi huwashauri makatibu wote waazime mgawanyo huo hata kama chama chao kina watu kumi: mkutano una namba moja, vikao vina namba zake ndani ya mkutano. Chama chetu cha Muhuta, kama kingeandika "Mkutano Mkuu Na. 3/2023, Kikao cha Kwanza" na "Mkutano Mkuu Na. 3/2023, Kikao cha Pili", karani wa mkopo angeelewa kabla ya kuusoma mstari wa pili.

Namba pekee haitoshi. Kiungo halisi cha vikao viwili ni aya ya kuahirisha, ile ya mwisho katika kikao cha kwanza, na ndiyo inayoandikwa kwa haraka kuliko zote kwa sababu watu wamekwisha kusimama. Aya hiyo inapaswa kujibu maswali ambayo mtu asiyekuwapo atayauliza. Ni nani aliyeamua kuahirisha, mwenyekiti peke yake au wajumbe kwa kukubaliana? Kwa sababu gani? Saa ngapi? Mjadala uliachwa wapi hasa? Utaendelea lini, saa ngapi, mahali gani? Kwa wale wavuvi ingeandikwa hivi:

"Kumb. 3/2023/14. Kuahirishwa kwa mkutano. Saa 9:40 alasiri (15:40), kutokana na mvua kubwa iliyozuia wajumbe kusikilizana, mjumbe mmoja alitoa hoja kwamba mkutano uahirishwe, mjumbe mwingine akamuunga mkono, na wajumbe wote waliokuwapo wakakubali. Ajenda ya 1 hadi ya 4 zilikuwa zimekamilika. Katika ajenda ya 5 majina mawili yalikuwa yamependekezwa na kura ilikuwa haijapigwa. Mkutano utaendelea katika Kikao cha Pili Jumamosi tarehe 25 Novemba 2023, saa 8:00 mchana (14:00), mahali hapahapa, kuanzia ajenda ya 5."

Katika daftari lako, pale nilipoandika "mjumbe mmoja" utaandika jina. Nimeiandika saa kwa namna mbili kwa makusudi. Sisi wasemaji wa Kiswahili tunahesabu saa kuanzia mapambazuko, afisi zetu zinahesabu kuanzia usiku wa manane, na nimewahi kuona watu wakikosa mkutano kwa sababu hiyo tu. Lakini maneno yenye uzito zaidi katika aya ile ni yale ya majina mawili na kura ambayo haijapigwa. Ukiandika tu kwamba ajenda ya 5 "haikukamilika", kikao cha pili kitaanza kwa ubishi: je, tunaanza upya kupendekeza, au majina yamekwisha kufungwa? Wale saba ambao hawakuwapo watataka kuongeza jina la tatu, na hutakuwa na maandishi ya kuwaonyesha hali ilikuwaje.

Tarehe ya kuendelea nayo ina uzito wa kisheria. Ikitajwa hapohapo mbele ya wajumbe, kikao cha pili hakihitaji notisi mpya, isipokuwa katiba ya chama iseme vinginevyo. Kanuni za zamani za kampuni zilizotoka Uingereza ziliweka mpaka wa siku 30: uahirishaji ukifikia muda huo, notisi hutolewa upya kana kwamba ni mkutano mpya. Kati ya 28 Oktoba na 25 Novemba kuna siku 28, na wavuvi wetu, wakifuata mwezi wa angani na si sheria ya mtu, walikuwa ndani ya kipimo hicho. Mkutano ukiahirishwa bila kutajwa tarehe, hapo notisi ni lazima, na notisi hiyo ni busara itaje wazi kwamba ni ya kuendeleza mkutano fulani wenye namba fulani. Hata pale ambapo notisi haihitajiki, kuwapelekea taarifa wale ambao hawakuwapo ni uungwana, na uungwana huo uandikwe: nani alipewa taarifa, kwa njia gani.

Tuingie katika kikao cha pili. Aya yake ya kwanza inapaswa kufanya kazi ya bawaba: itazame nyuma na mbele. Iseme kwamba huu ni mwendelezo wa mkutano wenye namba ile, ulioahirishwa tarehe ile kwa kumbukumbu namba ile, na kwamba ajenda ni ileile. Kisha kumbukumbu za kikao cha kwanza zisomwe kwa sauti. Hapo hazisomwi ili zithibitishwe kwa mara ya mwisho, kwa maana mkutano wenyewe haujakwisha. Zinasomwa ili wajumbe wakubaliane walipofika na ili makosa yarekebishwe kumbukumbu ingali mbichi. Uthibitisho wa mkutano mzima utakuja katika mkutano unaofuata, kama kawaida. Mwenyekiti na katibu wanaweza kutia saini sehemu ya kwanza mara inapokamilika, na mimi napendelea hivyo, kwa sababu katika majuma manne mtu anaweza kusafiri, kuugua au kufariki. Saini hiyo ishuhudie kwamba haya ndiyo yaliyoandikwa ya kikao cha kwanza, wala isiwe na maneno ya kufunga.

Mahudhurio ndiyo sehemu ambayo waandishi wengi huikosea kwa nia njema. Kwa kuwa mkutano ni mmoja, wanadhani orodha ya waliohudhuria nayo ni moja, basi huongeza majina saba ya wageni wa kikao cha pili chini ya yale 44, wakapata watu 51. Hesabu hiyo haikuwahi kuwapo ndani ya chumba chochote. Hakuna saa ambayo watu 51 walikaa pamoja wakaamua. Kila kikao kina orodha yake, akidi yake huhesabiwa upya mwanzoni, na matokeo ya kura hulinganishwa na orodha ya kikao hicho: 31, 9 na 4 hufanya 44, 22 na 14 hufanya 36. Msomaji mwenye kalamu ataijumlisha, na hesabu ikikataa ataanza kushuku kila kitu kingine ulichoandika. Ikiwa mwenyekiti wa kikao cha pili ni mwingine, au katibu amebadilika, itajwe pia, na kila mmoja atie saini kwa sehemu aliyoisimamia.

Namba za kumbukumbu zenyewe ziendelee bila kurudi mwanzo. Kikao cha kwanza kikiishia Kumb. 14, kikao cha pili kianze na Kumb. 15. Faida yake utaiona miaka mitatu baadaye, mtu atakapotaja "Kumb. 7 ya mkutano wa tatu" na kukawa na Kumb. 7 moja tu.

Wale saba walileta jambo jingine ambalo lilitatuliwa vizuri, ingawa halikuandikwa. Mmoja wao, aliyekuwa akiupinga mkopo, alisimama na kusema kwamba yeye hakuwapo Oktoba, kwa hiyo suala la mkopo lifunguliwe tena, na sasa wapige kura wote. Mwenyekiti, mama mmoja mchuuzi mwenye subira, alimjibu: "Ndugu yangu, kura ile ilikwisha. Tumekuja kumalizia kilichobaki." Alikuwa sahihi. Kilichoamuliwa katika kikao cha kwanza kimeamuliwa. Kikao cha pili hakina mamlaka ya kukitendea kana kwamba kilikuwa rasimu. Kama chama kinataka kuubatilisha uamuzi wake, kina njia ya kufanya hivyo, lakini ni kwa utaratibu wa kubatilisha maamuzi uliomo katika katiba yake, kwa kawaida mkutano mwingine wenye notisi inayotaja jambo hilo. Vivyo hivyo, ajenda mpya haiingizwi katika kikao cha pili kwa mlango wa uani. Waliobaki nyumbani walibaki wakijua ajenda ni zipi. Ombi la yule ndugu na jibu la mwenyekiti vingepaswa kuandikwa kwa mistari miwili, kwa sababu ombi lililokataliwa na halikuandikwa hurudi likiwa limevaa nguo za malalamiko: "tulinyamazishwa."

Kuna swali moja ambalo hata watu wazoefu hulijibu kwa kusitasita. Ikiwa mkutano ni mmoja, mweka hazina alichaguliwa tarehe gani? 28 Oktoba, siku mkutano ulipoanza, au 25 Novemba? Jibu ni 25 Novemba. Umoja wa mkutano haurudishi uamuzi nyuma. Sheria za kampuni za Kiingereza ziliandika hivyo waziwazi: azimio lililopitishwa katika mkutano ulioahirishwa huhesabiwa kuwa limepitishwa siku ile lilipopitishwa kweli, wala si siku ya kabla. Maana yake ni kwamba kama yule mweka hazina mpya angetia saini hati yoyote tarehe 10 Novemba, angekuwa ametia saini kabla ya kuwa mweka hazina, hata kama karatasi ya juu inasema "Mkutano wa tarehe 28 Oktoba". Kwa hiyo kichwa cha kumbukumbu kitaje tarehe zote mbili, na kila azimio libebe tarehe ya kikao chake. Mahali nako ni hivyohivyo. Muhuta ilikuwa katika mkoa wa Bujumbura Vijijini hadi mkoa wa Rumonge ulipoundwa mwaka 2015, na mwaka 2025 mikoa 18 ya nchi ilipunguzwa ikawa mitano. Anwani ya kila kikao iandikwe kama ilivyokuwa siku hiyo. Usiirekebishe karatasi ya zamani ili ifanane na ramani mpya.

Pengine utaona ugumu wa vikao viwili vizuri zaidi ukiutazama mkutano mkubwa kuliko wa wavuvi. Bunge Maalum la Katiba la Tanzania lilianza Dodoma tarehe 18 Februari 2014. Tarehe 16 Aprili wajumbe wa kundi lililojiita Ukawa walitoka ukumbini. Tarehe 25 Aprili Bunge hilo liliahirishwa ili kupisha Bunge la bajeti, nalo likarejea tarehe 5 Agosti chini ya mwenyekiti yuleyule, Samuel Sitta, likiwa na kazi ileile, huku Ukawa wakibaki nje. Tarehe 2 Oktoba lilipitisha Katiba Inayopendekezwa. Kisheria lilikuwa Bunge moja. Lakini kwa kuwa kura ilihitaji theluthi mbili za wajumbe wa Tanzania Bara na theluthi mbili za wajumbe wa Zanzibar, kila upande peke yake, suala la nani alikuwapo wakati gani likawa kiini cha mabishano ya nchi nzima. Sitaki kuingia katika siasa zake. Ninachotaka ukione ni kwamba mabishano kama hayo hujadiliwa kwa kurejea kumbukumbu za kila kikao na hesabu yake, na kwamba orodha moja iliyochanganywa isingemfaa mtu wa upande wowote.

Nirudi kwenye hali ya kwanza ya kuahirisha, niliyoitaja mwanzoni nikaipita: mkutano ambao haukuanza kwa kukosa akidi. Hapo hakuna kikao cha kwanza. Hakuna kilichoamuliwa, kwa hiyo hakuna cha kuendelezwa. Katika desturi yetu ya kifaransa huandikwa karatasi fupi ya kushuhudia upungufu: notisi ilitolewa lini, saa ngapi watu walihesabiwa, walikuwa wangapi, wangapi walihitajika, mwenyekiti akatangaza nini. Kisha mkutano huitishwa mara ya pili, na katiba nyingi huruhusu mkutano huo wa pili kuamua kwa idadi yoyote itakayofika. Huo ni mkutano mwingine, wenye notisi yake na namba yake, na kumbukumbu zake zitaje ile karatasi ya upungufu kama chanzo cha ruhusa hiyo. Usimruhusu mtu achanganye mambo haya mawili. Nimeona viongozi wakisema "hiki ni kikao cha pili, akidi haihitajiki" katika mkutano uliokatizwa katikati. Ruhusa ya kuamua kwa idadi yoyote ilitolewa kwa mkutano ulioshindwa kuanza. Mkutano uliokatizwa unabaki na akidi yake ya watu 31. Kama tarehe 25 Novemba wangefika 30 tu, hawangeweza kumchagua mtu.

Utauliza wavuvi wetu walitokaje. Baadhi yao walitaka katibu aziandike upya karatasi zote mbili, azitie tarehe za zamani, na wenyekiti watie saini tena. Niliwakataza. Nakala zilikuwa zimekwisha kumfikia mkopeshaji, na zingine zilikuwa mikononi mwa wale 14. Karatasi mpya yenye tarehe ya zamani ingeonekana kuwa ya kughushi, na kwa hakika ingekuwa hivyo. Kosa la kumbukumbu husahihishwa katika kumbukumbu za mkutano unaolisahihisha. Waliitisha mkutano kwa notisi ya siku saba, ukafanyika Jumamosi tarehe 27 Januari 2024, ukiwa na wajumbe 47. Ajenda ya kwanza ilikuwa kusahihisha na kuthibitisha kumbukumbu za mkutano wa tatu. Daftari la rasimu la katibu lilisomwa, nalo kwa bahati lilikuwa na mstari ulioandikwa kwa penseli: "mvua, tutaendelea 25/11, tumefika 5." Mstari huo wa penseli ulikuwa na faida kuliko kurasa mbili zilizopigwa chapa. Waliokuwapo walikiri kwamba ndivyo ilivyokuwa. Ikaandikwa:

"Kumb. 1/2024/03. Masahihisho. Katika karatasi ya tarehe 28 Oktoba 2023, maneno 'mkutano ulifungwa saa 9:40' yasomeke 'mkutano uliahirishwa saa 9:40 alasiri hadi tarehe 25 Novemba 2023, kuendelea na ajenda ya 5'. Karatasi ya tarehe 25 Novemba 2023 isomeke kuwa Kikao cha Pili cha mkutano huohuo. Kwa masahihisho hayo, kumbukumbu za vikao vyote viwili zilithibitishwa kuwa sahihi."

Kwenye karatasi za zamani katibu alipiga mstari mmoja juu ya neno "ulifungwa" bila kulifuta lisisomeke, akaandika pembeni "tazama Kumb. 1/2024/03", na yeye na mwenyekiti wakaweka saini fupi na tarehe ya siku hiyo ya Januari. Niliwashauri pia, kwa tahadhari, wauridhie uchaguzi wa mweka hazina kwa kura mpya, kwa sababu wale 14 walikuwa na hoja inayoweza kusikilizwa mbele ya mpatanishi. Waliuridhia kwa kura 38 dhidi ya 9. Mzee alikabidhi sanduku siku hiyohiyo, michango ikahesabiwa mbele ya watu, kiasi kikaandikwa.

Kwa mkopeshaji walipeleka dondoo moja yenye maazimio mawili: la mkopo, Kikao cha Kwanza, 28 Oktoba 2023, waliohudhuria 44, na la mweka hazina, Kikao cha Pili, 25 Novemba 2023, waliohudhuria 36, lililoridhiwa tarehe 27 Januari 2024. Chini yake aya ya kuahirisha ilinakiliwa yote kama ilivyosahihishwa. Karani aliisoma akiwa amesimama, akagonga muhuri.